GUNIA LA 170,000 ILALA LINAMWACHIA MKULIMA SHILINGI NGAPI? Tupige hesabu kwa skrinshoti na risiti



Wiki hii nimeletewa inboksi picha kama ishirini kwa mpigo. Ni za mama mmoja mkulima wa Ilula, pale Kilolo, Iringa. Nusu ya picha ni skrinshoti za bei za sokoni, zile zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Nusu nyingine ni risiti za pembejeo, baadhi za EFD na baadhi zimeandikwa kwa mkono. Chini yake akaandika: "Nataka kuacha mahindi, nichukue mkopo nilime vitunguu ekari nzima. Hesabu si inajionyesha yenyewe?"

Hesabu yake ilikuwa hivi. Nusu ekari ya vitunguu ilimpa kilo 4,000, yaani gunia 40. Skrinshoti inasema gunia Ilala ni 170,000. Mara 40 ni 6,800,000. Risiti zake zote ukijumlisha ni 1,250,000. Kwa hiyo faida ni 5,550,000 kwa nusu ekari, na ekari nzima ingempa zaidi ya milioni kumi na moja.

Nikamwambia mama, mkopo usisaini kwanza. Tukakaa kwenye simu jioni mbili tukaipiga upya, na ameniruhusu niwaonyeshe. Jina simtaji, na namba nimezisawazisha kidogo ili zifuatike. Bei za msimu wako na za eneo lako zitakuwa tofauti, wewe chukua njia.

BEI YA KWENYE SKRINSHOTI NI YA NANI?

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea kwenye karatasi. Skrinshoti yenyewe ilisomeka "Vitunguu gunia 140,000 hadi 170,000". Yeye alichukua 170,000, na wengi wetu tungefanya hivyo hivyo, jicho linakimbilia namba kubwa. Lakini kabla hujaichukua namba yoyote kwenye hiyo picha, iulize vitu vitatu.

Kwanza, ni ya lini? Meseji ya WhatsApp inaonyesha saa tu, tarehe inakaa juu katikati ya mazungumzo. Mtu akikata picha vibaya, tarehe inabaki nje. Na ile tarehe unayoiona kwenye galari ya simu yako ni siku uliyoipokea wewe, siyo siku bei ilipoandikwa. Picha ikiwa na vishale viwili, maana yake imeshasambazwa mara nyingi, na inaweza kuwa ya mwezi uliopita. Kwenye skrinshoti za mama huyu, mbili hatukuweza kuzijua tarehe. Tukaziacha. Bei ya vitunguu isiyo na tarehe haifai kwa hesabu, kwa sababu inapanda na kushuka ndani ya wiki chache kutegemea mzigo ulioingia mjini.

Pili, gunia hilo lina kilo ngapi? Yeye aligawa kilo 4,000 kwa 100 akapata gunia 40. Kisheria ndiyo, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanaikamata lumbesa kila mara. Lakini sote tunaijua lumbesa. Gunia linajazwa, linawekewa kilemba juu, linashonwa kwa kamba. Nikamuuliza, gunia ulilopeleka mara ya mwisho ulilipima? Akasema hakulipima, ila mtaani kuna mtu ana mizani ya kununulia mahindi. Akalipima moja alilobakiza, likaja kilo 120. Kumbe zile 170,000 zinalipia kilo 120 za vitunguu. Ukigawa, kilo moja ni kama 1,417, siyo 1,700. Na magunia yake hayakuwa 40, yalikuwa machache zaidi.

Kama huna mizani, pima hata kwa ndoo. Jaza ndoo ya lita 20 ya vitunguu, ipeleke kwa mwenye duka la nafaka akupimie kilo, halafu hesabu ndoo zinazoingia kwenye gunia lako. Siyo sahihi kama mizani lakini inakutoa gizani.

Tatu, ni bei ya wapi na ya nani? Ilala ni Dar es Salaam. Kutoka Ilula mpaka pale ni safari ya lori ya usiku mzima. Bei iliyoandikwa ni ile anayotoa mnunuzi wa pale sokoni, mzigo ukiwa umeshashushwa. Kati ya jaruba lako na hapo kuna watu kibao wanaosubiri mkono wao.

Kwa mahindi mambo ni afadhali kidogo. Wizara ya Viwanda na Biashara hutoa jedwali la bei za jumla za mazao makuu ya chakula kama mahindi, mchele, maharage na viazi mviringo, kwa gunia la kilo 100, mkoa kwa mkoa, bei ya chini na ya juu. Hapo kipimo kinajulikana na tarehe ipo. Ila vitunguu na nyanya humo huvikuti, unabaki na magrupu ya madalali. Ndiyo maana nimevitilia mkazo.

KUTOKA ILALA KURUDI SHAMBANI

Tulichofanya ni kuchukua bei ya Ilala na kuirudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka shambani. Kwanza tukachagua namba. Hatukuchukua 170,000 kwa sababu hiyo ni ya vitunguu vikavu vya saizi moja, na mzigo wake yeye huwa umechanganyika. Tukachukua 150,000. Kama una kumbukumbu ya uliyouza kweli mara iliyopita, ilinganishe na skrinshoti ya siku hiyo hiyo. Utajua wewe huwa unaangukia wapi kati ya ile bei ya chini na ya juu. Yeye alikumbuka kwamba siku ambayo grupu liliandika 120,000 hadi 145,000, dalali alimlipa 130,000. Kwa hiyo hata siku moja hajawahi kugusa ile ya juu.

Kisha makato kwa kila gunia:

Gunia na kamba: 2,500
Kujaza na kushona: 1,500
Kupakia: 1,000
Usafiri wa lori: 12,000
Ushuru: 3,000
Kushusha: 1,000
Dalali: 6,000

Jumla 27,000. Ukitoa kwenye 150,000 unabaki na 123,000. Hiyo ndiyo bei yake ya shambani kwa gunia la kilo 120, yaani 1,025 kwa kilo. Linganisha na ile 1,700 aliyokuwa nayo kichwani.

Hapa hatujaweka nauli yake ya kwenda Dar na kurudi, wala chakula na pa kulala, kwa sababu mzigo wake hupokelewa na dalali anayefanya naye kazi miaka sasa. Wewe ukisindikiza mzigo, jumlisha gharama ya safari nzima ugawe kwa magunia. Kama safari imekula 150,000 na una gunia 30, ni 5,000 nyingine kwa kila gunia.

Hii namba ya bei ya shambani ina kazi nyingine nzuri. Siku mnunuzi akija na gari mpaka Ilula akakwambia "nakupa 110,000 hapa hapa, gunia langu, vibarua wangu", huna haja ya kubishana naye kwa kumwonyesha skrinshoti ya 170,000. Unajua kwamba unacholinganisha ni 110,000 na 123,000. Tofauti ni 13,000 kwa gunia, na hiyo ndiyo inayolipia hatari ya lori kuharibika njiani na bei kushuka kabla mzigo haujafika. Kuna siku inafaa kungoja hiyo 13,000 na kuna siku haifai.

Sasa idadi ya magunia. Kilo 4,000 zilizong'olewa siyo zote zilizouzwa. Kilo 400 hivi zilikuwa vidogo sana, vyenye shingo nene visivyokauka, na vilivyoanza kuoza. Hivyo vililiwa nyumbani na vingine vikatupwa. Zilizobaki 3,600, ukigawa kwa 120, ni gunia 30. Mara 123,000 ni 3,690,000.

Kutoka 6,800,000 mpaka 3,690,000, na bado hatujagusa risiti hata moja. Mama alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akasema, "Ndo maana hela sizioni."

RISITI: GAWA KWA ULICHOTUMIA, SIYO KWA ULICHONUNUA

Kwenye risiti kosa linakuwa la aina mbili kwa pamoja. Kuna vitu unaviweka kwenye zao ambavyo si vyake, na kuna gharama kubwa ambazo hazina risiti kabisa.

Kabla ya yote, risiti za EFD zinafifia. Ile karatasi ikikaa kwenye mkoba juani, baada ya miezi michache inabaki nyeupe. Piga picha siku hiyo hiyo, na kwa nyuma andika kwa kalamu jina la zao. Huyu mama alikuwa na mbili ambazo hazisomeki tena, ikabidi arudi dukani kuuliza.

Tukaanza na mbolea. Risiti ilikuwa moja: DAP mifuko 2 kwa 70,000, Urea mifuko 2 kwa 70,000, CAN mfuko 1 kwa 60,000. Jumla 340,000. Hizo ni bei za ruzuku, na unaandika hela uliyolipa wewe, siyo bei kamili ya mfuko. Yeye aliiweka yote kwenye vitunguu kwa sababu alinunua wiki ya kuandaa majaruba. Nikamwomba akumbuke mfuko mmoja mmoja ulienda wapi. Mahindi ya ekari moja yalichukua DAP mfuko mmoja na Urea mfuko mmoja, hiyo ni 140,000. Vitunguu vilichukua DAP nusu, Urea nusu na CAN mfuko mzima, hiyo ni 130,000. Nusu ya DAP na nusu ya Urea bado ziko stoo. Hizo 70,000 si gharama ya msimu huu, ni mali. Zinahamia msimu unaofuata.

Risiti ya dawa ilikuwa na neno moja tu: "dawa 180,000". Muuza duka akikuandikia hivyo, mwombe aandike jina la dawa na ujazo. Bila hivyo huwezi kuigawa, na hata dawa ikigoma kufanya kazi huna pa kuanzia kulalamika. Kwa bahati muuzaji alikumbuka. Dawa ya viwavijeshi vamizi ya mahindi ilikuwa 30,000. Zile za thripsi na ukungu wa vitunguu 150,000.

Halafu kuna pampu ya maji. Risiti yake ni 450,000, na yeye aliijumlisha yote. Pampu haiishi kwa msimu mmoja. Tulikadiria itamfikisha misimu sita, kwa hiyo msimu huu unabeba 75,000. Mahindi yake ni ya mvua, hayakuguswa na pampu, basi zote zinaenda kwenye vitunguu. Kuna wanaonibishia hapa, wanasema "lakini hela imeshatoka". Ni kweli imetoka, na kwenye daftari la hela inayoingia na kutoka iandike yote. Ila hapa tunauliza swali lingine: zao hili linalipa au halilipi? Ukiibebesha msimu mmoja pampu nzima, zao zuri litaonekana baya, na mwakani litaonekana zuri kupita kiasi kwa sababu pampu itakuwa "bure".

Petroli ilikuwa na risiti za 120,000 tu. Lakini kumwagilia miezi mitatu kwa petroli ya 120,000? Haiwezekani. Tukahesabu kwa njia nyingine: alimwagilia kama mara 24, kila mara lita 3, hiyo ni lita 72. Kwa 3,000 kwa lita ni 216,000. Zile zilizokosekana alikuwa anamwagiza kijana wa bodaboda kwa dumu, na bodaboda hatoi risiti. Jumla ya risiti ikionekana ndogo kuliko kazi iliyofanyika shambani, usiiamini, hesabu kwa kazi.

Na sasa zile ambazo hazina risiti kabisa. Kwenye vitunguu ndizo kubwa kuliko zote:

Kulima na kutengeneza majaruba: 60,000
Kupandikiza miche: 120,000
Palizi mara mbili: 120,000
Kung'oa, kukata majani na kuchambua: 100,000

Hiyo ni 400,000 kwa vibarua peke yake, na haikuwa popote kwenye hesabu yake ya mwanzo. Ongeza kodi ya shamba 100,000. Kama shamba ni lako, weka kiasi ambacho ungelikodisha kwa jirani.

Kuna na kazi yake mwenyewe. Kumwagilia na kupiga dawa alifanya yeye na kijana wake, kama siku 30. Kibarua pale kwao analipwa 7,000 kwa siku, kwa hiyo ni 210,000. Hii tunaiandika mstari wa peke yake, kwa sababu hela haikutoka mfukoni. Ila lazima iwepo, maana tutalinganisha na mahindi ambayo yalimla siku 10 tu. Ukiiacha, zao linalokufanyisha kazi kila asubuhi litaonekana sawa na lile unalolitembelea mara moja kwa wiki.

Vitunguu nusu ekari vikawa hivi:

Mbegu: 90,000
Mbolea: 130,000
Dawa: 150,000
Petroli: 216,000
Pampu: 75,000
Vibarua: 400,000
Kodi: 100,000
Kazi yake: 210,000

Jumla 1,371,000.

MAHINDI NAYO TUYATENDEE HAKI

Mahindi alitaka kuyaacha kwa sababu "hayana hela". Ekari moja ilimpa gunia 16 za kilo 100. Sita zililiwa nyumbani, kumi zikauzwa pale pale kijijini kwa 60,000. Yeye alihesabu zile kumi tu, 600,000, akaona kama amerudisha gharama basi.

Gunia sita zilizoliwa nazo ni mauzo. Zisingekuwepo, angeingia dukani kununua. Tukaziweka kwa 60,000 ile ile, na mauzo yakawa 960,000. Kwa upande wa gharama: mbegu 70,000, mbolea 140,000, dawa 30,000, kulima 60,000, vibarua wa kupanda, kupalilia, kuvuna na kupukuchua 180,000, kodi 60,000, na siku zake 10 ni 70,000. Jumla 610,000. Faida 350,000.

Angalia pia kwamba kwa mahindi hatukuitumia skrinshoti ya Wizara moja kwa moja. Kwa Iringa ilikuwa 65,000 hadi 75,000, lakini hiyo ni bei ya jumla sokoni mjini, na yeye anauza mlangoni kwake. Skrinshoti ilitusaidia kujua tu kwamba 60,000 ya kijijini haikuwa ya kuonewa, maana ukitoa usafiri na kupakia zinakaribiana. Ila kama mnunuzi wako anapima kwa debe, hakikisha debe halijapigwa nyundo chini likawa na tumbo. Debe sita za namna hiyo zinaweza kuvuka kilo 100 kwa mbali.

ASILIMIA: UNAGAWA KWA NINI?

Faida ya vitunguu ni 3,690,000 kutoa 1,371,000, inabaki 2,319,000. Ukiigawa kwa mauzo unapata asilimia 63. Maana yake, kila shilingi 100 ya mauzo inabakiza 63. Mahindi ni 350,000 kugawa kwa 960,000, asilimia 36.

Mtaani wengi tunagawa kwa mtaji. Ukifanya hivyo, vitunguu ni asilimia 169 na mahindi asilimia 57. Njia zote mbili ni halali, ila usichanganye. Nimeshaona watu wawili wakibishana nusu saa nani ana faida kubwa, kumbe mmoja anagawa kwa mauzo na mwingine kwa mtaji. Andika pembeni umegawa kwa nini.

Kwa namna yoyote vitunguu vimeshinda, na kwenye nusu ya eneo. Kwa hiyo mama alikuwa sahihi? Kwa bei ya 150,000, ndiyo. Swali lililobaki ni hilo la bei.

BEI YA KUTOKULA HASARA

Chukua gharama yote ya vitunguu, 1,371,000, gawa kwa gunia 30. Unapata 45,700. Hiyo ndiyo gharama ya gunia likiwa shambani. Rudisha yale makato ya safari, 27,000. Jumla ni 72,700. Gunia likiuzwa Ilala chini ya 72,700, anakula hasara, hata kama shamba limezaa vizuri.

Hapa ndipo skrinshoti za zamani zinapokuwa mali. Nikamwambia aingie kwenye lile grupu, atafute neno "vitunguu", arudi nyuma kwenye miezi anayovunaga yeye. Siyo mwaka mzima, miezi yake tu. Bei ya juu ya kipindi ambacho wewe huna mzigo haikuhusu. Akapata tisa zenye tarehe, za misimu miwili iliyopita. Tatu kati ya hizo bei ya chini ilikuwa 75,000 au pungufu, na moja iliandika 60,000. Wakati huo mikoa mingine nayo ilikuwa inavuna, mzigo ukajaa mjini.

Tukaipiga kwa 60,000. Ukitoa 27,000 unabaki na 33,000 kwa gunia. Mara 30 ni 990,000. Hasara 381,000. Na hizo 27,000 hazipungui bei ikishuka: lori linataka 12,000 yake gunia likiwa la 170,000 au la 60,000.

Sasa ekari nzima ya mkopo. Gunia 60, gharama 2,667,000 (kila kitu mara mbili isipokuwa pampu, ambayo ni ile ile moja). Kwa bei ya 60,000 mauzo ya shambani ni 1,980,000. Hasara 687,000, kabla ya riba. Na marejesho ya mkopo aliokuwa anautaka yanaanza mwezi wa kwanza, wakati vitunguu kuanzia kitaluni mpaka gunia vinamchukua karibu miezi mitano. Kwa bei ya 150,000 ekari hiyo hiyo ingempa 7,380,000, faida 4,713,000. Ni nzuri sana, ila siyo zile milioni kumi na moja, na zimesimama juu ya bei ambayo yeye haiamui.

Kwa upande wa mahindi, bei ya kutokula hasara ni 610,000 kugawa kwa 16, kama 38,100. Bei ikishuka karibu na hapo, anayakausha vizuri, anayaweka kwenye mifuko ya kuzuia wadudu na kungoja. Vitunguu vikikaushwa vizuri vinangoja wiki kadhaa, lakini kila wiki vinapungua uzito, vingine vinachipua, vingine vinaoza. Hicho kitu hakionekani kwenye asilimia 63.

Alichoamua ni hiki: mahindi yanabaki, vitunguu vinabaki nusu ekari, na mkopo hachukui msimu huu. Badala yake anataka kugawa nusu ekari hiyo apande kwa awamu mbili zinazopishana wiki sita, asivune yote kwenye wiki moja ya bei mbaya. Mimi ningeongeza kidogo eneo kwa hela yake mwenyewe, maana pampu ipo na inaweza, lakini shamba ni lake.

Wenye nyanya mlioniuliza kwenye maoni: njia ni hiyo hiyo ila msitumie bei moja. Nyanya zinachumwa mara nyingi kwa wiki kadhaa, na mchumo wa kwanza na wa mwisho haufanani bei wala saizi. Andika kila mchumo na skrinshoti ya siku yake, idadi ya matenga na makato yake, halafu jumlisha mwishoni. Na tenga la Ilula si lazima liwe sawa na kreti la soko unalopeleka, kwa hiyo pima kilo kwanza kama tulivyofanya kwa gunia.

Anayetaka tumpigie hesabu yake, aweke kwenye maoni haya: zao, eneo, kilo zilizouzwa, gunia au tenga lake lina kilo ngapi, soko, bei na tarehe yake, makato ya njiani, na gharama za shambani zikiwa zimegawanywa kwa zao. Namba ya simu na jina la benki msiweke.